Usisubiri Miguu Ivimbe: Mizani, Chumvi na Maji kwa Mgonjwa wa Moyo Aliye Nyumbani

Swali hili hutufikia kila mara kutoka Ludewa, Njombe na Makambako, na karibu kila anayeuliza husimulia jambo lile lile. Mgonjwa karuhusiwa hospitali, miguu imenywea, analala vizuri, na dawa anazo. Baada ya wiki chache anarudishwa wodini akihema, kavimba upya hadi mapajani. Ndugu wanauliza: tumekosea wapi?

Mara nyingi dawa hazina kosa. Maji yalirudi mwilini kidogo kidogo, siku baada ya siku, na hakuna aliyeyaona. Mwili wa mtu mzima unaweza kubeba lita mbili au zaidi za ziada kabla vifundo vya miguu havijaonyesha uvimbe. Lakini lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kilo hiyo haijifichi kwenye mizani. Ndiyo maana ushauri wetu wote unaanzia hapo: pima uzito kila asubuhi, na umwone mtoa huduma kabla miguu haijavimba.

Makala haya ni kwa mtu ambaye daktari ameshamwambia kwamba moyo wake hausukumi damu vya kutosha; wengine wameelezwa kuwa moyo umetanuka. Kama umevimba na hujapimwa, nenda ukapimwe kwanza, kwa sababu figo na ini nazo huvimbisha mwili. Na kama una shinikizo la damu, usiache vidonge vyake kwa kuwa unajisikia vizuri. Utafiti wa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi waliofuatiliwa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba karibu nusu yao chanzo kilikuwa hilo shinikizo.

Anza kwa kuujua uzito wako mkavu

Uzito mkavu ni ule ulio nao baada ya maji ya ziada kutoka: miguu haina uvimbe, unapumua bila shida, na unalala kwa mto wako wa kawaida. Kwa wengi ndio uzito wa siku ya kuruhusiwa, lakini usikisie. Muulize daktari kabla hujaondoka wodini: "Uzito wangu mkavu ni kilo ngapi?" Uandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kesho yake asubuhi, ukifika nyumbani, jipime kwa mizani ya nyumbani na uandike pia. Mizani ya hospitali na ya nyumbani zinaweza kutofautiana kwa kilo nzima, na hilo lisikutishe. Kuanzia hapo linganisha namba za mizani moja tu, ile ya nyumbani.

Kupima asubuhi, hatua kwa hatua

1. Amka, nenda chooni ukojoe.
2. Kabla ya chai, uji au kidonge chochote, vaa nguo nyepesi. Ziwe zile zile kila siku, kwa mfano gauni moja la kulalia au kaptura na fulana.
3. Weka mizani kwenye sakafu ngumu na tambarare. Kama nyumba ni ya udongo, tafuta ubao mpana usiotikisika, na mizani ikae juu yake siku zote.
4. Hakikisha mshale uko kwenye sifuri.
5. Panda bila viatu, simama wima, usishike ukuta wala bega la mtu.
6. Andika tarehe na uzito papo hapo, kisha ulinganishe na siku tatu zilizopita.

Kama macho hayaoni vizuri, mwanafunzi wa nyumbani asome na kuandika kabla ya kwenda shule. Kazi hii haichukui dakika tano.

Makosa tunayoyaona mara kwa mara

- *Kupima na sweta na koti.* Mlangali, Lugarawa na Njombe mjini baridi ya Juni na Julai ni kali, na watu hupanda mizani wakiwa wamejifunika. Nguo nzito zinaweza kuongeza kilo moja au zaidi, halafu siku ya jua unadhani umepungua. Vua, pima, vaa tena.
- *Kupima leo asubuhi na kesho jioni.* Chakula na vinywaji vya mchana vina uzito wake. Namba ya jioni hailinganishwi na ya asubuhi.
- *Kupima mara moja kwa wiki kwa sababu "niko sawa."* Maji yanaweza kujaa kwa siku tatu tu.
- *Kufurahia kunenepa.* Ndugu wanasema mgonjwa amerudisha mwili. Nyama ya mwili haiongezeki kilo mbili ndani ya siku tatu. Hayo ni maji.

"Na kama sina mizani?"

Muulize mtoa huduma ya afya ngazi ya jamii kama kuna mizani ya kuazima, au upime kwenye zahanati ya karibu siku ulizokubaliana nao, ukivaa nguo zile zile. Wakati huo huo tumia utepe wa fundi cherehani. Weka alama ya wino juu kidogo ya kifundo cha kila mguu na nyingine kwenye sehemu nene ya shavu la mguu, halafu pima mzunguko kila asubuhi kabla hujaanza kutembea. Kama hata utepe hakuna, tumia kamba yenye fundo. Njia hii huchelewa kuonyesha kuliko mizani, kwa hiyo ukiitumia chunguza kwa makini zaidi upumuaji na mito unayolalia.

Namba ya kukumbuka

Wasiliana na kituo chako cha afya ukiona lolote kati ya haya mawili:

- umeongezeka kilo 2 au zaidi ndani ya siku 3, au
- umeongezeka polepole mpaka umezidi uzito wako mkavu kwa kilo 2, hata kama imechukua wiki mbili.

Kama daktari amekupa namba nyingine, fuata yake, kwa sababu anaijua figo yako na moyo wako.

Wapo wanaouliza: "Uzito haujabadilika lakini miguu imevimba. Inawezekanaje?" Inawezekana. Mgonjwa aliyepoteza hamu ya kula hukonda misuli huku maji yakijaa, na kimoja hufidia kingine kwenye mizani. Kwa hiyo usiangalie namba peke yake. Kila asubuhi, baada ya kupima, bonyeza kidole gumba kwenye mfupa wa muundi kwa sekunde tano. Kikiacha shimo, kuna maji. Kwa mgonjwa anayelala muda mwingi, bonyeza kiunoni nyuma, juu ya makalio, kwa sababu maji yake huteremkia huko.

Mfano: wiki moja ya daftari

Tuchukue mfano wa mama wa kijiji cha karibu na Mlangali, uzito wake mkavu kilo 58. Daftari lake linasomeka hivi:

- Jumatatu: 58.1
- Jumanne: 58.0. Jirani amefiwa, anashinda msibani.
- Jumatano: 58.5. Bado msibani: wali, nyama ya mchuzi, chai mara nne.
- Alhamisi: 59.2
- Ijumaa: 59.9. Kidole kinaacha shimo kwenye muundi. Usiku ameongeza mto wa pili.

Ijumaa asubuhi mwanawe anapiga hesabu: kutoka Jumanne ni kilo 1.9, haijafika mbili, basi tungoje Jumatatu. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kilo mbili ni mstari wa tahadhari kwa mtu ambaye hana dalili nyingine yoyote. Mama huyu ana tatu kwa pamoja: uzito unapanda kila siku, muundi unabonyea, na hawezi tena kulalia mto mmoja. Anatakiwa kwenda Ijumaa hiyo hiyo.

Akienda Ijumaa, mtoa huduma atampima presha, atasikiliza mapafu, ataangalia daftari, na huenda akamwongezea dawa ya kukojoa kwa siku chache na kumpangia kurudi. Akingoja, inawezekana usiku wa Jumapili akaukesha ameketi akihema, familia ikitafuta gari gizani kwenda hospitali, na kilo zile zile zikahitaji sindano, oksijeni na kitanda.

Angalia pia kilichomponza. Hakuacha dawa. Alikula chakula cha msibani, ambacho hupikwa kwa ajili ya watu wengi na hutiwa chumvi ya kutosha, na akanywa kila alichokaribishwa.

Chumvi: kijiko kimoja ndio mwisho

Chumvi ikizidi, mwili hushikilia maji. Pia huleta kiu, nawe unaongeza maji mengine juu yake. Kiasi cha juu kwa siku nzima ni chini ya gramu 5, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Ndani ya hiyo imo chumvi iliyojificha kwenye mkate na vyakula vya dukani. Kwa hiyo chumvi ya jikoni kwa mgonjwa isizidi nusu kijiko cha chai kwa siku.

"Nitapimaje wakati sufuria ni moja kwa watu saba?" Fanya hivi:

1. Pika maharage, mboga au nyama bila chumvi kabisa.
2. Pakua sehemu ya mgonjwa kwanza, weka pembeni.
3. Tia chumvi kwenye sufuria kwa ajili ya wengine.
4. Asubuhi pima nusu kijiko, weka kwenye kikopo chenye kifuniko. Hiyo ndiyo chumvi ya mgonjwa ya siku nzima. Ikiisha, imeisha.
5. Chumvi isikae mezani.

Ugali wenyewe haupikwi na chumvi, na hilo ni jambo jema. Tatizo liko kwenye kitoweo na vitu hivi:

- Magadi. Wapishi wengi huyatia kwenye maharage magumu au mboga za majani ili viive upesi. Magadi yana sodiamu, kitu kile kile kinachofanya chumvi ishike maji. Loweka maharage usiku kucha badala yake, umwage maji ya kulowekea.
- Vikolezo vya mchuzi vya vipande na vya unga. Sehemu kubwa yake ni chumvi.
- Samaki na dagaa waliokaushwa kwa chumvi. Kwa walio kando ya Ziwa Nyasa, Manda na Lupingu, samaki mbichi au aliyeanikwa juani bila chumvi anafaa. Usipojua alivyokaushwa, muulize aliyekuuzia.
- Supu ya mgahawani, chipsi, karanga za chumvi na sosi za chupa.
- Dawa za kiungulia za unga zinazotoa povu kwenye maji, na vidonge vya maumivu vinavyoyeyuka kwa povu. Nazo zina sodiamu.

"Je, nikitumia chumvi ya mawe?" Hapana. Ya mawe, ya bahari, ya rangi ya waridi, zote ni chumvi. Na ile inayouzwa kama mbadala wa chumvi ni hatari zaidi kwako, kwa kuwa mara nyingi ni ya potasiamu. Ukiwa unatumia spironolaktoni, enalaprili au losartani, potasiamu inaweza kupanda mpaka mapigo ya moyo yakavurugika. Usiinunue bila kumuuliza daktari.

Ladha itafute kwenye ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, nyanya, pilipili, binzari na giligilani. Wiki mbili za mwanzo chakula kitakuwa chapwa, kisha ulimi utazoea.

Maji: si kila mgonjwa anapunguziwa

Hapa kuna makosa ya pande mbili. Mmoja amesikia kwamba maji mengi husafisha mwili, anakunywa lita tatu. Mwingine ameogopa, anakunywa vikombe viwili mpaka anapata kizunguzungu. Si wote waliopangiwa kiwango, kwa hiyo muulize daktari: "Mimi ninywe kiasi gani kwa siku?" Wanaowekewa kikomo kwa kawaida huambiwa lita 1.5 hadi 2. Anayelima kwenye joto la Manda na anayekaa kwenye baridi ya Njombe hawatoi jasho sawa, nalo hilo mwambie daktari.

Ukishapewa kiwango, hesabu kila kinachomiminika: maji, chai, uji, maziwa, togwa, soda, supu na mchuzi. Kwa aliyeambiwa lita 1.5, siku inaweza kugawanywa hivi:

- Uji asubuhi: mililita 300
- Maji ya kumezea dawa: 100
- Chai ya saa nne: 250
- Maji ya mchana: 300
- Mchuzi wa maharage: 100
- Chai ya jioni: 250
- Maji ya usiku: 200
- Jumla: 1,500

Ili usichoke kuhesabu, tumia chupa tupu ya maji ya lita 1.5. Ijaze asubuhi. Kila unapokunywa kitu kisichotoka kwenye chupa, mimina kiasi kile kile cha maji kutoka kwenye chupa, uyatumie kwa kazi nyingine. Chupa ikiwa tupu, kiwango cha siku kimetimia. Kwanza pima kikombe chako ujue kinachukua kiasi gani. Vikombe vya bati vya nyumbani vingine hubeba karibu nusu lita.

Kiu ikizidi, sukutua maji ya baridi uyateme, au nyonya kipande cha chungwa au ndimu. Kisha jiulize jana ulikula nini, kwa sababu kiu ya usiku mara nyingi hutokana na chumvi ya mchana.

Ulanzi na komoni vihesabu mara mbili: ni maji mengi, na pombe hudhoofisha msuli wa moyo. Msimu wa mvua ulanzi unapokuwa mwingi, wagonjwa hutuuliza kama ule mtamu wa asubuhi unaruhusiwa. Nao huanza kuchacha saa ile ile unapogemwa. Ushauri wetu ni kuuacha.

Dawa ya kukojoa, safari na maumivu

Frusemaidi, ambayo wengi huiita lasiksi, ndiyo inayotoa maji. Mambo matatu huiharibu kazi yake.

*Kuiruka siku ya safari.* Basi la kutoka Ludewa kwenda Njombe au Makambako haliwezi kusimama kila nusu saa, basi mgonjwa haimezi. Usiiruke, isogeze: kama unasafiri alfajiri, imeze ukishafika, mradi iwe kabla ya jioni ili usikeshe chooni. Mpango huu ukubaliane na daktari mapema.

*Kujiongezea dozi.* Ukiona umevimba usimeze viwili kwa hiari yako, isipokuwa daktari amekuandikia mpango huo na kiwango chake. Frusemaidi ikizidi hukausha mwili, huumiza figo na kuvuruga chumvichumvi za damu.

*Kununua dawa za maumivu.* Diklofenaki na ibuprofeni, vidonge au sindano, hushikisha mwili chumvi na maji na kuibana figo. Kwa mgongo au magoti omba parasetamoli ya kawaida, na umwambie muuzaji wa duka la dawa kwamba una ugonjwa wa moyo.

Dalili zinazohitaji kuonwa, na kwa haraka gani

*Nenda leo au kesho kwenye zahanati au kituo cha afya:*

- uzito umefika namba ya tahadhari
- miguu yote miwili inavimba, viatu vinabana, au kidole kinaacha shimo
- tumbo limejaa, nguo inabana kiunoni, unashiba kwa matonge machache
- umeongeza mto, au unakohoa ukilala
- mlima uliokuwa unaupanda bila kupumzika sasa unakusimamisha

*Nenda hospitali leo hii:*

- unaamka usiku ukihema na kulazimika kuketi
- uvimbe umefika mapajani au sehemu za siri
- mguu mmoja tu umevimba, una joto na unauma: hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda
- unatapika au kuhara na huwezi kumeza dawa zako

*Dharura, usingoje kuche:*

- kuhema ukiwa umeketi, kushindwa kumaliza sentensi
- makohozi ya povu lenye rangi ya waridi
- maumivu ya kifua, kuzimia, kuchanganyikiwa, au midomo kubadilika rangi
- midomo, ulimi au koo kuvimba ghafla, hasa kwa anayetumia enalaprili au kaptoprili

Wakati wa kusubiri gari, mkalishe mgonjwa wima, miguu ikining'inia. Usimlaze chali, usimpe maji mengi. Asipelekwe kwa bodaboda kama anahema au anataka kuzimia, ataanguka. Beba daftari na dawa zote.

Mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni, anayevimba na kuhema akilala, asiambiwe kwamba ni uzazi tu. Moyo unaweza kudhoofika mwishoni mwa mimba na miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Katika dharura yake piga 115, namba ya bure ya usafiri wa M-Mama.

Uzito ukishuka mno

Kushuka kilo 2 chini ya uzito mkavu, pamoja na kizunguzungu unaposimama, mdomo mkavu na mkojo mchache, kunaonyesha umekauka. Hutokea wakati wa kuhara, kutapika au homa. Mwone mtoa huduma siku hiyo hiyo; huenda akakusimamishia dawa ya kukojoa kwa muda. Usiamue peke yako kuziacha dawa zote, maana kukatisha ghafla kavedilo au bisoprololi kunaweza kuuangusha moyo.

Siku ya kliniki

Iwe ni hospitali ya wilaya Ludewa, Lugarawa au ya rufaa ya mkoa Njombe, mpe daktari daftari kabla hujaanza kueleza. Namba za mwezi mmoja zitamwonyesha kama dozi inatosha. Usitoke chumbani kabla hajakuandikia majibu ya maswali haya manne:

1. Uzito wangu mkavu sasa ni kilo ngapi? Hubadilika ukikonda au ukinenepa, kwa hiyo uliza kila mara.
2. Ninywe kiasi gani kwa siku?
3. Uzito ukipanda kilo mbili, nimeze nini na niende wapi?
4. Nimpigie nani usiku au siku ya mapumziko?

Majibu hayo yabandike ukutani karibu na mizani, mahali ambapo kila anayeishi na mgonjwa anaweza kuyasoma. Siku namba itakapopanda, huenda mgonjwa mwenyewe akawa amechoka mno kuamua, na atakayeamua ni aliye karibu naye.